Nani Ashike Usukani Alfajiri Hii?

Leo naomba twende wote hadi gatini, mtoni Rufiji, nje kidogo ya kijiji cha Mloka, saa 12 kasorobo asubuhi. Giza linapauka. Wageni sita wanateremka ngazi za udongo, kamera shingoni, vikombe vya kahawa mkononi. Nahodha ameinama, anakaza mpira wa petroli kwenye mashine. Msimamizi wa zamu, kijana wa miaka 27 hivi, anamfikia na kumwamkia: "Shikamoo mzee." Nahodha anainua kichwa, "Marahaba mwanangu," na pamoja na ile marahaba inatoka harufu ya jana usiku.

Kijana anasimama pale. Wageni wameshaanza kuvaa maboya. Mbele yao kuna mto ambao wiki hii una fungu la mchanga mahali ambapo wiki iliyopita palikuwa na kina, una visiki vilivyolala chini ya maji, una viboko wanaoibuka popote wanapotaka, na mamba kwa yeyote atakayeangukia majini. Nahodha huyu ana umri wa baba yake. Huu mto anaujua kuliko wote waliopo hapo. Kijana aseme nini?

Mimi niliwahi kufanya kazi kwenye kambi za watalii za upande huo, kabla mbuga haijabadilishwa jina. Siku hizo palikuwa Selous. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori lile ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na lango la Mtemere likabaki palepale, Mloka nayo ikabaki mlangoni, ikiuza mandazi, mafuta ya boti na nguvu za vijana wake. Nimeona jinsi jambo kama hili lilivyomalizwa kwenye kambi moja ambayo siitaji. Meneja aliamka na hasira. Akaagiza kipima ulevi, akapanga mstari wafanyakazi wote nyuma ya jiko, mpishi, dobi, mlinzi, mama wa usafi, kila mtu akapuliza mbele ya mwenzake. Waliobainika walikuwa watatu. Wakaambiwa wafungashe. Kufika saa 4 asubuhi Mloka nzima ilikuwa na majina yao, na mmoja wa hao watatu alikuwa mtu wa kuswali safu ya mbele. Kijijini kwetu siri haitembei, inakimbia.

Kambi ilipata nini? Baada ya siku ile watu hawakuacha kunywa. Walijifunza kutafuna tangawizi na karafuu, walijifunza kusimama mbali wakizungumza na meneja, na walijifunza jambo baya zaidi: kumfichia mwenzao. Nahodha akiamka vibaya, wenzake walimwekea mtu pembeni ya kumsaidia usukani, bosi asijue. Yaani kipimo kilichonunuliwa ili mto uwe salama kiliwafanya watu waache kusema ukweli kuhusu nani yupo usukani. Nimelifikiria hilo miaka mingi, na ndilo lililonileta kwenye redio leo.

Sasa kambi nyingi zimeanza kuandika sera ya pombe na dawa za kulevya kazini. Nimeonyeshwa mbili tatu. Nyingi zimenakiliwa kutoka migodini au kwenye makampuni ya mafuta, zimejaa neno "marufuku" na "kufukuzwa papo hapo", na mahali pa msaada pana mstari mmoja mwishoni. Mimi ningeianzia kwingine. Ningemrudisha yule kijana gatini na kumuuliza swali moja tu: mtu huyu, asubuhi hii, anafaa kushika usukani? Hajaulizwa kama ni mlevi, wala kama amemkosea Mungu. Hilo la kufaa au kutofaa anaweza kulijibu bila mashine yoyote, na akishalijibu kazi yake ya asubuhi imekwisha.

Hivi ndivyo inavyopaswa kwenda. Kijana anamwita pembeni, mbali na wageni. "Mzee, naomba leo ukae nchi kavu. Nahodha mwingine atashika zamu yako." Asimwambie umelewa. Hajui bado. Anamwita mtu wa pili, aliyefundishwa, naye aangalie, kisha kila mmoja aandike peke yake alichokiona: harufu, macho mekundu, mkono unaotetemeka akifunga kamba, maneno yanayoburuta, saa ngapi. Waandike walichokiona tu, wasiandike walichodhani. Siku hiyo nahodha analipwa kama kawaida. Hapo wenye kambi hukunja uso, lakini ujira wa siku moja ni rahisi kuliko nahodha anayejilazimisha kushika usukani kwa sababu akibaki nchi kavu watoto wanalala njaa.

Na kwa nini asiambiwe amelewa? Kwa sababu mwili una njia nyingi za kuyumba. Mwenye kisukari ambaye sukari imeshuka hutoka jasho, hutetemeka, huongea ovyo na hukasirika, mlevi mtupu kwa kumwangalia. Sukari ikipanda sana pumzi yake hutoa harufu tamutamu ambayo wengi huidhani pombe. Malaria iliyopanda kichwani, kifafa kilichopita usiku, kichwa kilichogonga boriti ya boti, vyote hivyo vinamfanya mtu apepesuke. Ukimfungia huyo stoo "alale pombe itoke," unaweza kukuta maiti. Kwa hiyo hatua ya pili ni mhudumu wa afya, kabla ya barua, kabla ya kipimo, kabla ya meneja.

Tuseme mhudumu amemwona, sukari iko sawa, homa hana. Sasa kipima ulevi kinaweza kusaidia, na hapa naomba tukae kidogo kwa sababu watu wengi wanakinunua bila kujua kinasema nini.

Chukua mfano huu wa kutunga. Nahodha mwenye uzito wa kilo 70 hivi ameanza bia saa 1 jioni, amekunywa chupa 5 au 6 za nusu lita, ameacha saa 6 usiku. Wakati anaacha, damu yake ina kama miligramu 150 za pombe kwa kila mililita 100. Ini huitoa pombe kwa mwendo wake, kama miligramu 15 kwa saa, likienda polepole zaidi kwa mmoja na kasi zaidi kwa mwingine. Kahawa haiongezi mwendo huo, wala supu ya pweza, wala kuoga maji ya baridi. Kwa hiyo saa 12 asubuhi, baada ya saa sita, zimetoka 90 na zimebaki 60. Huyu mtu amelala, ameoga, amevaa sare iliyopigwa pasi, na yeye mwenyewe anaapa kuwa yuko safi. Pombe itakwisha mwilini saa 4 asubuhi.

Hiyo 60 maana yake nini? Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania imeweka kikomo cha miligramu 80 kwa mililita 100 za damu. Kwa kipimo hicho mtu wetu angepita kwa trafiki na kupungiwa mkono. Lakini mabaharia wa meli za kimataifa, chini ya mkataba wa STCW uliorekebishwa Manila mwaka 2010, wana kikomo cha 50. Kwa kipimo cha baharini nahodha wetu haruhusiwi kushika zamu. Mkataba ule hauhusu boti ya watalii kwenye mto, najua, ila unakuonyesha kwamba "kikomo cha sheria" ni neno la barabarani, na barabarani hakuna kiboko chini ya tairi. Mimi kwa usukani wa boti na wa gari la watalii ningeweka 20. Nisingeweka sifuri kabisa, kwa sababu mashine zina kosa lake dogo, na sifuri inamfukuzisha mtu kwa kosa la mashine.

Mashine yenyewe ina hila moja inayowaponza watu. Hiyo 60 ya damu inaweza kuandikwa 0.06 kwenye kipima ulevi kimoja na 0.29 kwenye kingine. La kwanza ni asilimia ya pombe ndani ya damu, la pili ni miligramu kwa lita ya pumzi. Ni mtu yuleyule, pumzi ileile. Nimeona sera imeandika "kisizidi 0.05" bila kutaja ni ya nini. Kwa kipimo cha pumzi hiyo 0.05 ni kali mno, kwa asilimia ya damu ni kikomo cha baharia. Sera ikikosa kipimo cha namba hiyo, mtu ataonewa au ataachiwa, na hakuna atakayejua lipi limetokea.

Tena mtu asipulize mara tu baada ya kusukutua mdomo kwa dawa yenye spiriti, au kunywa dawa ya kikohozi, au kutapika. Pombe ya mdomoni inadanganya mashine. Angojee dakika 15 bila kuweka kitu mdomoni, mtu akimwangalia, kisha apulize, kisha apulize tena. Na mashine ambayo haijarekebishwa kwa muda uliotajwa na mtengenezaji ni kichezeo cha mtoto, iwekwe kando.

Pombe, basi, ina kipimo kinachosema jambo la sasa. Bangi haina. Hapo ndipo sera nyingi zinapopotea njia.

Kijiti cha kupimia mkojo hakitafuti ulevi. Kinatafuta mabaki ambayo mwili umeshayasaga na kuyatupa. Mtu aliyevuta msokoto mmoja Ijumaa, kwao, kwenye mapumziko, anaweza kuonekana kwenye kijiti Jumatatu au Jumanne ijayo. Mvutaji wa kila siku anaweza kuonekana wiki tatu, nne, hata zaidi baada ya kuacha. Kumbe aliyelewa sasa hivi, aliyevuta nusu saa iliyopita kwa mara ya kwanza, kijiti kinaweza kisimwone, kwa kuwa mabaki hayajafika kwenye mkojo. Kwa maneno mengine, kipimo hiki kinaweza kumkamata asiye hatari na kumwachia aliye hatari. Na mwenye dawa ya kikohozi au ya maumivu yenye kodeini atatoka na alama ya afyuni bila kuonja heroini maishani mwake.

Bangi ni kosa la jinai nchini, hilo halina ubishi, na mirungi pia, ingawa ng'ambo ya mpaka Kenya inalimwa na kuuzwa kama mchicha. Lakini kazi ya jinai ina wenyewe. Meneja wa kambi si askari, na mkojo wa mfanyakazi wake si kielelezo cha mahakamani. Yeye alichonacho ni boti, gari, jiko lenye gesi na wageni.

Kwa hiyo ningeiandikia sera mipaka hii ya kupima, na ningeitaka iandikwe kwa wino usiofutika. Wanaoweza kupimwa ni wale tu ambao kosa lao la dakika moja linaua: nahodha, dereva wa wageni, mwenye kubeba bunduki kwenye matembezi ya miguu, fundi wa umeme na wa jenereta. Dobi, mtunza bustani, karani wa mapokezi, hawa wakiamka vibaya wanarudishwa nyumbani kama wagonjwa wengine, hakuna haja ya kuwapulizisha. Na hata hao wa hatari hawapimwi kwa kuotewa. Wanapimwa watu wawili wakiona dalili na kuziandika, au baada ya ajali iliyoumiza mtu au ambayo ingeweza kumwumiza, au kama sehemu ya makubaliano ya kurudi kazini baada ya tiba. Mwombaji kazi hapimwi mkojo. Vyumba vya wafanyakazi havipekuliwi. Likizo ya mtu ni yake.

Anayepima asiwe meneja. Awe mhudumu wa afya, faraghani, mfanyakazi akiwa na shahidi wake kama anataka, mwakilishi wa chama cha CHODAWU au mfanyakazi mwenzake. Kijiti kikionyesha kitu, hicho ni kidokezo tu. Sampuli igawanywe mara mbili, ifungwe mbele ya mwenyewe, aweke sahihi juu ya muhuri, iende maabara inayoaminika kama ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na nusu ya pili ibaki ili akibisha ipimwe tena. Sampuli iliyochukuliwa kwa ajili ya bangi isigeuzwe kuangalia ujauzito, wala Ukimwi, ambao sheria ya mwaka 2008 imekataza mtu kulazimishwa kupima. Na kinachorudi kwa mwajiri kiwe sentensi moja: anafaa kwa usukani, au hafai hadi tarehe fulani. Jina la ugonjwa libaki kwa daktari. Ndivyo inavyofanyika kwenye uchunguzi wa afya kazini wa OSHA, sioni kwa nini kwa pombe iwe tofauti.

Hili la siri sasa lina meno. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka habari za afya ya mtu kwenye kundi la taarifa nyeti. Meneja anayetuma picha ya matokeo kwenye kundi la WhatsApp la wakuu wa idara, eti "tujadili," anajitafutia kesi kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana kuna wanaosema huu ni uleaji wa walevi. Shirika la Kazi Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 1996 kuhusu pombe na dawa za kulevya kazini, limesema matatizo haya yachukuliwe kama matatizo ya afya, bila ubaguzi, na tiba itangulizwe kabla ya adhabu. Mwongozo huohuo haukumnyang'anya mwajiri haki ya kuadhibu. Na sheria yetu imekaa karibu na hapo. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kwa afya mbaya aangalie chanzo chake, ukubwa wake, kama ni ya muda au ya kudumu, na kama anaweza kumtafutia kazi nyingine. Kanuni hizohizo zinataja kuhatarisha usalama wa wengine kwa makusudi miongoni mwa makosa makubwa. Vyote viwili vimo. Ugonjwa unatibiwa, na anayeambiwa kaa nchi kavu akaruka kwenye boti na kuwasha mashine huyo amefanya kosa, aitwe, apewe barua ya kujieleza, apewe muda usiopungua saa 48 kujiandaa, aje na mwakilishi wake, asikilizwe. Ile ya "fungasha" pale jikoni ni zawadi kwa mfanyakazi: ana siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mwajiri aliyeruka hatua mara nyingi atapoteza hata kama harufu ilikuwepo kweli.

Wakenya, kwa njia, wameliweka vizuri kwenye Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007. Ulevi unaompeleka mtu nje ya kazi bila notisi ni ule uliomfanya, katika saa za kazi, ashindwe au asitake kufanya kazi yake ipasavyo. Kushindwa kazi ndiko kunakotajwa, harufu haimo.

Sasa msaada wenyewe. Neno hili huandikwa kwenye sera kama mapambo: "kampuni itatoa ushauri nasaha." Nani, wapi, kwa fedha ya nani? Turudi kwa nahodha wetu. Kipimo kimesoma 60, amekaa nchi kavu, jioni anaitwa na mtu mmoja anayemwamini. Huenda atasema ni harusi ya binti yake, mara moja tu, na ikawa kweli. Basi ameonywa kwa maneno, imeandikwa, kesho anashika usukani. Lakini huenda atasema, taratibu, akiangalia chini, kwamba bila kikombe cha asubuhi mikono haitulii. Hapo ni mgonjwa, na sera lazima ijue la kufanya usiku uleule.

La kwanza ni kutomwambia aache ghafla. Wengi hawalijui hili. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akikatishwa pombe kwa siku moja, huanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa chache, anaweza kuanguka degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na siku ya pili au ya tatu anaweza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, na kufa. Arosto ya heroini inatesa vibaya, lakini ya pombe ndiyo inayoua zaidi. Kwenye kambi iliyo porini, usiku, barabara ya kwenda hospitali imekatwa na mvua, hilo si jambo la kujaribu. Apelekwe Hospitali ya Wilaya kule Utete, au kwingine penye daktari na dawa za kushusha hali hiyo, gari la kambi limpeleke na lilipiwe na kambi.

La pili ni muda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika kila miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, mradi alete cheti cha daktari. Nahodha anayetibiwa ulevi kwa cheti cha daktari ni mgonjwa mwenye cheti. Ameshalipiwa na sheria, na wengi wetu tunazipoteza siku hizo kwa kutojua.

Kwa heroini njia ni ngumu zaidi, na sera ya Mloka isijidanganye. Tiba ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikaenea vituo vingine vya serikali, na imerudisha watu wengi kwenye kazi zao. Lakini dozi hunywewa mbele ya mhudumu, mwanzoni kila siku. Mtu wa Mloka hawezi kwenda Dar es Salaam kila alfajiri. Kwa huyo msaada wa kweli ni kumhamishia kazi ofisi ya mjini, kwenye stoo, kwenye uwakala, miezi kadhaa, karibu na kituo. Kambi isiyo na ofisi mjini iseme hivyo mapema, impe likizo na imtunzie nafasi.

La tatu ni kurudi. Akirudi aandikiane na kambi: miezi miwili kazi za nchi kavu, atengeneze mashine, asafishe boti, kisha usukani, akipuliza kabla ya zamu kwa muda uliotajwa, labda miezi sita, usio wa maisha. Akianguka tena mara moja, turudi kwa daktari, maana kuanguka tena ni sehemu ya ugonjwa huu kama homa inavyorudi kabla dozi haijaisha. Akikataa tiba, au ikibainika kwamba alishika boti akiwa amekunywa baada ya makubaliano, hapo kambi imefanya yake yote, na kikao cha nidhamu kiitwe kwa utaratibu wake. Mstari huo lazima uwepo, usomeke na kila mtu, mwanzo.

Na kuna jambo moja ambalo wenye kambi huwa hawapendi nilitaje. Nani anawafundisha kunywa? Machweo yakifika, mwongoza watalii anasimamisha gari penye mandhari, anafungua sanduku la barafu, anawamiminia wageni divai, na mgeni mwenye moyo mwema anamwambia na wewe chukua moja. Anasita, anaogopa kumvunjia heshima na kupoteza bakshishi, anachukua. Kisha anaendesha gari gizani kurudi kambini. Baada ya hapo mshahara unalipwa Jumamosi jioni, na bia iliyobaki kwenye sherehe ya wageni inashushwa kwa wafanyakazi kama zawadi. Serikali ilipiga marufuku viroba Machi 2017, ila vichupa vidogo vya bei ya chini vilipanda gari lilelile la viroba vikaja hadi mlangoni kwetu. Sera inayowapulizisha vijana bila kugusa lile sanduku la barafu ni sera ya unafiki. Iandikwe kwamba mwenye usukani anamimina tu, na mgeni aelezwe tangu siku ya kwanza kwamba kumpa dereva bia ni sawa na kumkatia breki. Meneja naye, na mwekezaji akija na ndege yake, wapimwe kwa kipimo hichohicho wakishika usukani.

Yule kijana gatini, mwaka ule wa hadithi yangu, hakusema kitu. Aliogopa kumvunjia mzee heshima, aliogopa zaidi kumfukuzisha kazi. Boti iliondoka. Walirudi wote salama, na ndiyo sababu hakuna aliyejifunza.

Kambi nyingi za huku zinafungwa masika, Aprili na Mei, maji yakiwa juu na barabara ya kutoka Kibiti ikiwa tope. Wenye kambi mnaonisikiliza, hiyo ndiyo miezi ya kuandika. Andikeni kwa Kiswahili, mkae na manahodha na madereva wenyewe, mwite mwakilishi wa chama, msome kwa sauti ukurasa kwa ukurasa, kila mtu aulize. Kabla boti ya kwanza haijashushwa majini Juni, yule kijana awe ameshaambiwa mbele ya wote kwamba akisema "mzee, leo kaa nchi kavu," mzee hatapoteza kazi.